Dakika Mbichi

Jioni moja hivi karibuni, jua likiwa limeshuka nyuma ya milima na bonde la Ruzizi likianza kupoa, binti wa jirani alikuja uani kwetu na simu mkononi. Anafanya montaji kwenye redio ya jamii huku bondeni. Mkongo mmoja anayeishi Nairobi alikuwa amemwandikia: ana podikasti yake, kazi nyingine zimemwelemea, anatafuta mtu wa kumkatia sauti na kumwandikia maelezo ya kila kipindi, naye atamlipa kwa mwezi.

"Yaya, nimwambie dola ngapi?"

Nikamuuliza huyo bwana hurekodi dakika ngapi kabla ya kukatwa. Hakujua. Anarekodi wapi, kwa simu au kwa maikrofoni, peke yake au na mgeni? Hayo pia hakuyajua. Nilikaa kimya kidogo, maana swali hilo hilo liliwahi kuniangukia mimi hapa hapa Luberizi, nikalijibu siku hiyo hiyo bila kujua lolote kati ya hayo. Nilisema dola 60. Miezi iliyofuata niliilipa bei hiyo kwa usingizi wangu.

Montaji nilijifunzia redioni. Sisi wa rika langu tulikua tukisikiliza Radio Okapi, iliyoanza kurusha Februari 2002, na tuliposhika kompyuta ya redio yetu ndogo tulitaka sauti zitoke safi kama zile. Usafi kwetu ulikuwa kufuta. Kila "eee" tuliiondoa, kila "yaani", kila "donki" ambayo msemaji wa huku huitupia katikati ya Kiswahili chake. Mzee aliyekuwa fundi wetu alinisikiliza siku moja nikimaliza mahojiano na mama muuza samaki, akaniomba nimrudishie sauti mbichi. Tukasikiliza mahali mama alipoulizwa kama mumewe alirudi. Katika sauti mbichi alisema "yaani," akavuta pumzi, akanyamaza, kisha "hakurudi." Katika yangu alisema "hakurudi" papo hapo, kama mtu anayetaja bei.

Mzee alinionyesha mambo mawili ambayo nayatumia hadi leo. La kwanza, pumzi haikatwi katikati. Ukiiondoa, iondoe nzima, pamoja na neno lililoivuta, la sivyo msikilizaji anahisi kukwama hata kama hawezi kusema ni wapi. La pili, kabla mgeni hajaanza kusema, rekodi chumba kikiwa kimya kwa sekunde 10. Kila chumba kina ukimya wake. Ukikata neno na kuacha pengo tupu, sikio linashtuka kwa sababu chumba kimetoweka. Ukiliziba pengo kwa kipande cha ule ukimya, hakuna anayejua kwamba umepita hapo.

Jambo la tatu nililigundua mwenyewe, nilipoiacha redio. Redioni nilikata ili kipindi kitoshe: dakika 25, kisha taarifa ya habari, hakuna mjadala. Podikasti haina saa inayoisubiri. Hapo mkataji ndiye anayeamua kipindi kinakwisha wapi, na uamuzi huo unakula muda kuliko kukata kwenyewe. Unasikiliza yote mara moja bila kugusa kitu, ukiandika kwenye daftari ni wapi wazo linaanza na wapi linarudiwa. Msemaji akisema jambo moja mara tatu, mara nyingi ile ya pili ndiyo nzuri, maana ameshalipata lakini hajalichoka.

Mteja wangu wa kwanza wa mwezi alikuwa muuguzi, Mkongo aliyeko Ubelgiji, aliyeongea na akina mama wa nyumbani kwa Kiswahili juu ya afya ya watoto. Alifanya kazi zamu za usiku. Alirekodi anapopata nafasi, na mara nyingi nafasi hiyo ilikuwa jikoni. Vipindi vinne kwa mwezi, nami nikasema dola 60.

Rekodi za mwanzo zilinijia kama sauti za WhatsApp, zile unazobonyeza kitufe na kuongea. Nilifurahi kwa sababu zilikuwa nyepesi na forfe yangu ya intaneti ilikuwa ndogo. Furaha hiyo haikudumu. Sauti ya namna hiyo hubanwa ili isafiri kwa gharama ndogo, na kinachobanwa hakirudi. Herufi "s" na "sh" zinakuwa kama mchanga. Nyuma yake kulikuwa na friji yake ikinguruma. Nilichagua sekunde mbili za mngurumo peke yake katika Audacity, nikabonyeza Get Noise Profile, nikashika kipindi kizima na kuondoa desibeli 12 kama programu ilivyopendekeza. Friji iliondoka, na sauti ya muuguzi ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa la maji. Nikashusha hadi 6. Friji ikarudi kwa mbali, lakini muuguzi akawa binadamu tena. Tangu hapo sivuki 9, na nikiona 9 haitoshi najua kosa haliko kwenye kompyuta yangu.

Kosa lilikuwa jikoni kwake, na dawa yake ilikuwa ujumbe mmoja ambao nilipaswa kuutuma siku ya kwanza. Nilimwomba arekodi kwa programu ya kurekodi iliyo ndani ya simu, katika chumba cha kulala, kabati la nguo likiwa wazi mbele yake, simu umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni na kando kidogo ili pumzi isiipige. Kisha atume faili kama hati, siyo kama sauti, ili isibanwe njiani. Kwa WAV ya mkondo mmoja, dakika 50 ni megabaiti 265 hivi, mzigo mkubwa kwa mtandao wa bondeni, kwa hiyo alituma jioni nami nikapokea baada ya saa sita usiku, watu wakiwa wamelala na mtandao umepata nafasi. Muda wa kusafisha kila kipindi ulishuka kutoka karibu saa mbili hadi dakika 40.

Kabla ya kurudisha kazi nililinganisha nguvu ya sauti, ili msikilizaji asihangaike na kitufe kutoka kipindi hadi kipindi. Kwa faili ya mkondo mmoja nalenga LUFS -19, na kilele kisivuke desibeli -1:

```
ffmpeg -i kipindi07.wav -af loudnorm=I=-19:TP=-1 -ar 44100 -ac 1 -b:a 64k kipindi07.mp3
```

Kile 64k kina maana kwetu. Kipindi cha dakika 28 kinakuwa megabaiti 13 na ushee, na kwa 128k kingekuwa 27. Kwa mazungumzo ya mtu au wawili tofauti ni ndogo mno masikioni. Kwa mama wa Sange anayenunua intaneti ya siku moja, tofauti ni kusikiliza au kutosikiliza.

Na mama huyo huyo ndiye aliyenifundisha maelezo ya kipindi ni ya nani. Mwanzoni niliyaandika kama tangazo: "Leo tunazungumzia kuhara kwa watoto, usikose." Mteja alinitumia ujumbe wa msikilizaji mmoja aliyekuwa akiuliza, kabla sijatumia megabaiti zangu, kuna nini humo? Nikaelewa kwamba maelezo husomwa kabla ya kusikiliza, na mara nyingi badala ya kusikiliza, yakinakiliwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Nikaanza kuandika sentensi mbili au tatu zinazosema jibu lenyewe, halafu dakika ambazo kila jambo linaanzia, halafu majina na vipimo vilivyotajwa.

Hizo dakika zinaonekana rahisi. Kosa langu lilikuwa kuziandika nikiwa bado nakata. Nikimaliza, naongeza mwanzoni muziki na salamu za sekunde 35, na alama zote zinakuwa zimetangulia kwa sekunde 35. Msikilizaji anayefungua 12:40 anakutana na mkia wa jambo lililotangulia. Sasa naandika dakika mwisho kabisa, nikisikiliza MP3 yenyewe ninayoituma, siyo faili ya kazi.

Lakini kuna kosa moja ambalo hadi leo linanifanya nisimame ninapolikumbuka. Bonde letu na mji wa Uvira vinakijua kipindupindu vizuri. Muuguzi alifanya kipindi juu ya maji ya chumvi na sukari ambayo mama anaweza kumpa mtoto anayeharisha, ikiwa hana pakiti za dawa, wakati anampeleka kituo cha afya: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Alisema sawasawa, na sauti niliikata vizuri. Maelezo niliyaandika saa tisa usiku, baada ya kipindi cha pili cha usiku huo, na niliandika vijiko 6 vya chumvi na nusu kijiko cha sukari.

Yeye aliyasoma alipotoka zamu, saa moja baada ya kipindi kutoka. Alinipigia, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ndugu yangu, soma ulichoandika." Chumvi nyingi namna hiyo inaweza kumuua mtoto ambaye tayari amekauka. Maandishi hurekebishwa kwa dakika moja bila kugusa sauti, na tulirekebisha papo hapo. Kisha yeye akaingia katika kila kundi alilolijua na kuandika kwamba yale ya kwanza yalikuwa na kosa, yafutwe. Nilikaa nje hadi asubuhi. Toka siku hiyo kila tarakimu katika maelezo yangu huandikwa nikiwa naisikia: narudi kwenye sauti, naandika namba, narudi tena, nasoma nilichoandika kwa sauti juu ya sauti yake. Na maelezo ya kipindi cha afya hayatoki bila msemaji mwenyewe kuyasoma na kujibu kwa neno "sawa."

Naeleza haya kwa sababu uchovu wa usiku ule ulitokana na bei.

Nilikuwa na daftari la shule ambamo nilianza kuandika saa zangu, siyo kwa hekima, ila kwa sababu mke wangu aliniuliza mbona silali. Kwa kipindi cha dakika 50 mbichi hesabu ilikaa hivi: kusikiliza mara ya kwanza dakika 50, kukata saa mbili na nusu, kusafisha dakika 40, maelezo saa moja na robo, kutoa faili na kuipandisha dakika 45, mazungumzo ya WhatsApp na mteja nusu saa. Jumla ni saa sita na nusu. Kwa vipindi vinne ni saa 26. Katika dola 60, intaneti na kuchaji betri vilichukua 21, maana pano ya jua nyumbani haikutosha kompyuta usiku kucha. Zilizobaki, 39, ziligawanyika kuwa dola moja na nusu kwa saa. Siyo nyingi, ila kwa hapa mtu anaishi nazo.

Halafu podikasti yake ikapendwa. Akaanza kualika wageni, jambo zuri kabisa. Rekodi zikafika dakika 95, sauti mbili, mmoja karibu na simu na mwingine mbali, wakiingiliana. Akaomba pia vipande vifupi viwili vya kusambaza. Kila ombi lilikuwa dogo na lilikuja kwa upole, nami sikuwa na neno la kumwambia hapana, kwa sababu tulikubaliana "vipindi vinne" na vilikuwa bado vinne. Kila kimoja kilinichukua saa 13. Mwezi ukawa wa saa 52, na dola 39 zile zile zikawa senti 75 kwa saa. Ule usiku wa chumvi ulikuwa katika mwezi huo.

Nilipoyatazama madaftari ya miezi yote, kuna kitu kilijirudia. Kipindi kilichokamilika hakikunieleza lolote: dakika 28 zilizotoka katika 50 na dakika 28 zilizotoka katika 95 husikika sawa. Kilichofuatana na saa zangu ni dakika mbichi. Kila dakika mbichi moja ilinila karibu dakika 8 za kazi, awe mtu mmoja au wawili. Kwa hiyo niliacha kuuza vipindi. Nilimwandikia kwamba kwa mwezi ninachukua dakika mbichi 180, ndani yake vipindi vinne, maelezo yake, na marekebisho mara moja kwa kila kipindi. Dakika 180 kwa 8 ni saa 24. Nilitaka dola 3 kwa saa, zikawa 72. Nikaongeza gharama, nikapunguza kidogo ili ikae sawa: dola 90, yaani nusu dola kwa dakika mbichi, na dakika ya ziada kwa bei hiyo hiyo. Malipo kabla ya tarehe 5, kazi inaanza yakifika. Vipande vifupi vina bei yake.

Niliogopa kuutuma ujumbe ule. Niliutuma Jumamosi, nikazima simu hadi Jumapili baada ya ibada.

Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo nikiongea kidogo, nalipa kidogo?" Hilo sikulitarajia. Tangu hapo alimpigia mgeni siku moja kabla, wakachagua maswali matano, na alipokosea sentensi alinyamaza, akapiga kofi moja, akaanza sentensi upya. Kofi linaonekana kwenye mchoro wa sauti kama mwiba, nikaliona bila hata kusikiliza. Rekodi za dakika 95 zikashuka hadi kati ya 40 na 48. Vipindi vikawa bora, na siyo kwa sababu ya mkasi wangu. Nilikuwa nimedhani bei ni ukuta wa kunilinda mimi, kumbe ilimrudishia yeye sehemu ya kazi ambayo ni yeye peke yake angeweza kuifanya vizuri, yaani kujua anataka kusema nini kabla ya kusema.

Wapo ambao njia hii haiwafai. Mchungaji mmoja alinijia baadaye na mahubiri ya saa mbili asiyotaka yakatwe, ila yasafishwe na kuwekewa maelezo. Kwa kazi hiyo kila dakika mbichi ilinila dakika 2, siyo 8, na kumtoza nusu dola kungekuwa dhuluma. Nilipima rekodi yake moja kwanza, kisha nikataja bei.

Jambo lingine nililoliweka katika makubaliano lilikuwa akiba: vipindi viwili vilivyokamilika viwe mbele daima, vimeshapandishwa na kuwekewa tarehe ya kutoka. Niliwaza mtandao kukatika, au mimi kuugua malaria. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 na barabara ya bonde ikajaa wanajeshi wanaorudi kuelekea Uvira, tulivuka Ruzizi kwenda Burundi pamoja na maelfu ya watu wengine. Kompyuta niliifunga katika mfuko wa nailoni ndani ya nguo za mtoto. Kule Rugombo watu walilala uwanjani, na pa kuchajia palikuwa na foleni ya simu tu. Kipindi cha kwanza cha akiba kilitoka siku yake. Cha pili pia. Nilikiona kwenye simu ya mtu, jina la kipindi na maelezo yangu chini yake, dakika zikiwa sahihi, na kwa muda nilikuwa mtu mwenye kazi, siyo jina katika orodha ya wakimbizi. Wiki ya tatu sikuwa na kitu. Muuguzi alirudia kipindi cha zamani, kile cha maji ya chumvi na sukari, kwa kuwa kule uwanjani kilihitajika. Maelezo yake niliyaandika upya kwa simu, nimeketi chini. Lita 1. Vijiko 6 vya sukari. Nusu kijiko cha chumvi. Alijibu "sawa" kabla hayajatoka.

Yote haya nilimweleza binti wa jirani kwa kifupi zaidi ya hapa, maana giza lilikuwa limeingia na kwao walikuwa wakimwita. Alisikiliza, kisha akaandika kwa bwana wa Nairobi: kabla sijakutajia bei, naomba rekodi moja ambayo haijakatwa, ile uliyonayo, hata kama ni mbaya, itume kama hati. Jibu lilikuja usiku. Faili ilikuwa ya megabaiti 212. Binti alirudi kwetu kwa sababu mtandao hushika vizuri upande wa ukuta wetu wa barabara, akaiweka simu dirishani, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akapiga mistari mitatu kwa rula: dakika mbichi, saa nilizotumia, kilichonichelewesha. Juu akaandika tarehe, na tukangoja ishuke.